Siku ya kuisomea nyumba ya Kange: Surat al-Baqara asubuhi, padre saa tano, sinia moja mchana

Ukoo wetu ni wa Wabondei wa Muheza, na kama koo nyingi za huko, una Waislamu na Wakristo waliozaliwa tumbo moja. Upande wa baba tunaswali. Upande wa mama ni Waanglikana wa Magila, kule ambako wamisionari wa UMCA waliweka kituo chao karne ya 19, na mpaka leo padre wao hufukiza ubani, hunyunyiza maji ya baraka na huvaa stola. Mtu wetu akimaliza kujenga, hakuna anayeuliza kama nyumba itaombewa. Mazungumzo huanzia kwenye nani atangulie, kisomwe nini, na chakula kitoke kwenye sufuria ya nani.

Mimi ni binti mkubwa, kwa hiyo orodha ya wageni na masufuria huishia kwangu. Nimekwisha kusimamia shughuli kadhaa za namna hii, Muheza na Tanga mjini, lakini nitaeleza ile ya mdogo wangu alipohamia Kange, kwa sababu pale palikuwa na kila kitu chini ya paa moja: vyumba vitatu vya kulala na sebule nyuma, na mbele fremu mbili zinazotazama barabara. Fremu moja ni yake, anauza nafaka. Ya pili ameikodi binamu yetu, binti wa mjomba, anauza vitambaa, naye ni Mwanglikana asiyekosa ibada.

Nilitarajia ugumu uwe kati ya Waislamu na Wakristo. Haikuwa hivyo. Ubishi uliokula jioni nyingi zaidi ulikuwa wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Mama mkwe wa mdogo wangu alitaka maulidi ya Barzanji usiku wa kuamkia siku ile, dufu lipigwe na watu wasimame kwenye kiyamu kama alivyozoea tangu utoto wake Pangani. Shemeji yetu, kaka wa mke, anaswali kwa Ansari suni, na kwake maulidi ni uzushi. Hata hitima ya kugawana juzuu 30 hakuipenda. Wote wawili ni watu wa nyumba ile, na hapakuwa na wa kumwacha nje.

Mwalimu wa madrasa ndiye aliyetutoa. Alianza na jambo ambalo hakuna anayelipinga, ile hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba tusizifanye nyumba zetu makaburi, kwani shetani huikimbia nyumba inayosomwa Surat al-Baqara. Basi isomwe Baqara, akasema, kila mtu asome kwa kinywa chake. Chakula nacho hakina shaka, maana vitabu vya Shafi vinaitaja karamu ya kuingia nyumba mpya kwa jina lake, wakira. Maulidi yangojee Mfungo Sita, mwenye kuyataka atayasoma sebuleni kwake, na asiyetaka hatalazimika kuja. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akauliza Mfungo Sita utaangukia lini. Hapo nikajua amekubali.

Baqara ni ndefu. Ina aya 286, na msomaji mzuri akiisoma bila kukimbia humchukua karibu saa mbili. Ukimwambia mtu mmoja aisome yote, vijana huanza kutazama simu na wazee husinzia. Mwalimu aliigawa kwa namna niliyoipenda sana, na tangu hapo ndiyo ninayowaeleza watu. Aliweka wasomaji watatu katika kila chumba, na sebuleni watatu. Wa kwanza alisoma juzuu ya kwanza, aya ya 1 hadi 141. Wa pili alisoma juzuu ya pili, aya ya 142 hadi 252. Wa tatu, kijana mdogo wa madrasa, alichukua kipande kilichobaki ndani ya juzuu ya tatu, aya ya 253 hadi mwisho, na humo ndimo ilimo Ayatul Kursiyyu. Kwa wasomaji 12, sura ikakamilika mara nne, kila chumba na ya kwake, ndani ya saa moja. Shemeji alisoma juzuu ya pili katika chumba cha wageni, kwa hiari yake.

Ugawaji huu una pa kuharibikia. Misahafu hailingani kurasa, hivyo ukigawa kwa kurasa, mwenye msahafu wa chapa nyingine ataanza mbele au nyuma ya mwenzake. Ugawe kwa namba za aya. Wakimaliza, mwalimu haulizi kama wamemaliza. Anamwuliza kila mmoja aya aliyoanzia na aliyoishia. Kwa njia hiyo aligundua kwamba kijana mmoja alianzia Ayatul Kursiyyu yenyewe, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea, akaacha aya mbili kabla yake. Alirudi akazisoma, haikuchukua hata dakika mbili. Na wasome kwa sauti ya chini, kwa sababu chumba kisicho na fanicha kinavuma, na watatu wakipaza sauti kila mmoja humpotosha mwenzake.

Vyumba vilikuwa vitupu kwa makusudi. Tulitandika mikeka tu. Fanicha zikishaingia hakuna nafasi ya watu kukaa, na ubani hujificha kwenye magodoro kwa wiki nzima. Lakini nyumba tupu ina shida moja ambayo wenye nyumba husahau, nayo ni maji. Wasomaji wanahitaji udhu, wageni wanahitaji choo, na nyumba mpya mara nyingi bado haijaunganishwa bomba. Siku moja kabla, tulijaza mapipa mawili, moja likae karibu na choo na jingine uani likiwa na kata na kigoda cha kukalia. Ukilikosa hili, wasomaji watatawanyika kwa majirani kutafuta udhu na kisomo kitachelewa.

Ubani nao una adabu zake katika nyumba za siku hizi. Zamani paa lilikuwa la makuti, moshi ukipita juu. Sasa watu wanaweka dari jeupe la jipsam, na chetezo kikikaa mahali pamoja kinaacha doa la kahawia juu yake. Mtu mmoja akishike, apite nacho chumba hadi chumba, madirisha yakiwa wazi, chini ya makaa kuwe na mchanga. Mke wa mdogo wangu ana pumu, kwa hiyo tulifukiza kabla hajafika, alfajiri.

Baba mkubwa ndiye aliyetaka jambo la tatu. Alitaka nyumba izindikwe: achinjwe kuku mweusi kizingitini, damu ifukiwe pamoja na vitu alivyovijua yeye. Hakuwa anatania, naye ni mzee aliyemlea baba yetu. Mwalimu alikwenda kumwona nyumbani kwake, akamwamkia, akakaa naye muda mrefu. Alichomwambia ni kwamba kumchinja mnyama kwa jina la Mwenyezi Mungu ili watu wale ni sadaka na ni karamu, na kumchinja ili kumridhisha jini au kumfukuza ni shirki, hata kama kisu ni kilekile. Binamu alipompelekea padre habari hiyo, naye akatoa jibu lilelile kwa lugha ya kanisa. Ila mzee hakuachwa mikono mitupu. Tulimwomba yeye ndiye awaingize wenye nyumba, awashike mabega mlangoni na kuwaombea heri kwa Kibondei mbele ya watu wote, kabla ya kisomo. Alisema maneno mazito na mazuri, akiwataja waliolima na kuuza machungwa ili watoto wasome. Nadhani ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Baada ya Baqara wote walikusanyika sebuleni, na mwalimu akasoma dua ya Nabii Nuhu iliyomo katika Surat al-Muuminun, aya ya 29, inayomwomba Mola amteremshe mja mteremsho wenye baraka, kwani Yeye ni mbora wa wateremshaji. Tukaitikia amin. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Aliingia kwenye fremu ya nafaka, akaomba mizani iletwe katikati, akasoma mwanzo wa Surat al-Mutaffifin, ile inayowaonya wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka wajaziwe, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Alimtazama mdogo wangu akatafsiri pole pole, wateja watarajiwa wakiwa wamesimama pale pale mlangoni. Duka, alisema, baraka yake inakaa kwenye jiwe la mizani.

Padre alifika saa tano. Muda huu tuliuchagua kwa hesabu. Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ni ya Waislamu na Jumapili padre huzunguka mitaa yake. Saa tano, kwa sababu kisomo kilikuwa kimekwisha na wasomaji wamekunywa chai, na adhana ya adhuhuri Tanga huwa saa sita na nusu hivi, kwa hiyo ibada yake ingekwisha bila kukatizwa. Hakuna kati ya pande mbili aliyesoma juu ya mwenzake. Nimewahi kuona shughuli ambapo watu, kwa nia njema, walitaka sala moja ya pamoja: aya moja ya huku, mstari mmoja wa kule, na wimbo katikati. Kila mtu alisimama kama mgeni, hakuna aliyejua aitikie nini. Naona afadhali kila dini ipewe saa yake kamili, na wengine wakae kimya kwa heshima au watoke uani bila kulaumiwa.

Binamu alikuwa akitamani padre ainyunyizie nyumba nzima. Padre mwenyewe alimwuliza nani anaishi ndani na nani ameomba. Katika desturi yake, kama ilivyo kwa Wakatoliki pia, nyumba hubarikiwa wakaaji wake wakiwapo, maana baraka ni ya watu kabla ya kuwa ya kuta. Wakaaji wa nyumba walikuwa wamekwisha kuombewa kwa imani yao. Akabariki fremu ya vitambaa, ambayo mwenye kuifanyia kazi alisimama mbele yake. Mdogo wangu alikuwa amejiandaa kukataa kwa upole, na hakulazimika.

Ibada ilichukua kama dakika 40. Walianza kwa Zaburi ya 127, “Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure.” Injili ikawa ya Luka sura ya 10, pale Yesu anapowatuma wanafunzi wake na kuwaambia wakiingia nyumba yoyote waseme kwanza, “Amani iwemo nyumbani humu.” Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje, alitikisa kichwa kwa kuafiki. Baadaye akaniambia kwamba Surat an-Nur nayo inaamrisha watu watoleane salamu wanapoingia majumbani. Kisha padre, bila kuambiwa lolote kuhusu mizani ya fremu ya nafaka, akasoma Mithali 11:1, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana,” akaweka mkono juu ya mita ya kupimia vitambaa. Mjomba wangu na shemeji wa Ansari walitazamana. Kwangu hiyo ndiyo dakika niliyoipenda kuliko zote siku ile.

Maji ya baraka alikuwa ameyachanganya na chumvi kidogo, akayanyunyiza kwa tawi bichi. Vitambaa tulikuwa tumevifunika kwa nailoni, na umeme wa fremu tulikuwa tumeuzima, kwa sababu soketi ziko karibu na meza na tawi halina shabaha.

Nije kwenye chakula, ambako ndiko mikusanyiko ya watu wa dini mbalimbali huvunjikia. Huko Muheza, miaka ya nyuma, shangazi yetu mmoja wa upande wa kanisa alikuja na sufuria ya nyama aliyoipika kwa mapenzi yake yote. Haikujulikana imechinjwa na nani. Sufuria ilikaa pembeni mpaka jioni, na mama yule alirudi nayo nzito vilevile. Hakuna aliyemtukana, lakini aliumia. Tangu wakati huo tuna utaratibu: anayetaka kuchangia kitoweo na si Mwislamu, alete mnyama akiwa hai, au mchele, sukari, nazi, machungwa. Mjomba alileta mbuzi mzima, akamkabidhi mwalimu kamba mkononi, na kila mtu alijua pilau ile ina mkono wa Magila ndani yake. Chakula cha pamoja kipikwe kwa sharti la yule mwenye sharti gumu zaidi, maana asiye na sharti hapotezi kitu.

Wageni tuliwakadiria 80. Kwa pilau ya shughuli, kilo moja ya mchele inatosha watu saba hadi wanane, hivyo tulipima kilo 12. Nyama nayo hupenda ikaribie uzito wa mchele. Mbuzi mwenye kilo 30 hivi akiwa hai hutoa kilo 12 au 13 za nyama na mifupa, basi yule wa mjomba alitosha, na kichwa na miguu ikawa supu ya wasomaji. Tulimchinja jioni ya Ijumaa baada ya alasiri. Wanaochinja asubuhi ya siku yenyewe ndio wanaokula saa kumi, kwa sababu mbuzi mkomavu anahitaji saa mbili motoni kabla meno hayajamkubali. Usiku ule ule nyama ilichemshwa na chumvi na tangawizi, ikalala kwenye supu yake. Asubuhi kilichobaki kilikuwa kukaanga vitunguu, kuweka binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kumwaga supu kwa kipimo na kutia mchele. Maji yakikauka, tunapalia makaa juu ya mfuniko na kupunguza moto wa chini. Pilau inayopikwa kwa wingi huiva juu nusunusu ukisahau makaa ya juu. Ukichota katikati na punje zina kiini cheupe kigumu, rudisha mfuniko.

Bia haikuingia. Mume wa binamu aliuliza mapema, akaambiwa, akaleta kreti za soda.

Kulikuwa na mgeni mmoja ambaye sharti lake lilipita la wote. Nilipokuwa msichana niliajiriwa kwenye duka la vitambaa la familia ya Kigujarati hapa mjini, na mama mwenye duka ndiye aliyenifundisha biashara; hata mzigo wa kwanza wa binamu tuliununua kwake. Ni Wahindu wa Swaminarayan. Pale dukani nilishuhudia kila Diwali wakiziombea daftari mpya za hesabu, ibada waiitayo chopda pujan: daftari zinawekwa juu ya kitambaa chekundu, ukurasa wa kwanza unachorwa kwa unga mwekundu wa kumkum, na pembeni yanaandikwa maneno Shubh na Labh, heri na faida, heri ikitangulia. Walipohamia nyumba yao mpya, mama alichemsha maziwa kwenye sufuria ambayo haijawahi kutumika, akayaacha yafure mpaka yamwagike pande zote, ishara ya riziki inayofurika. Tulikunywa wote, na mimi nikapewa kikombe sawa na ndugu zake.

Mwanamke huyu hali nyama wala mayai, na kwa desturi yao hali kitunguu wala kitunguu saumu. Kumpakulia wali kutoka pembeni ya sufuria ya pilau si heshima, na hata mwiko uliopita kwenye nyama hautakiwi. Nilimpigia simu nikamwuliza, na jibu lake lilikuwa rahisi: matunda, korosho na chai ya maziwa kwenye chombo safi. Tukamwekea sahani mpya kabisa, machungwa ya Muheza yaliyomenywa mbele yake, ndizi na korosho. Yeye alikuja na sanduku la peremende za maziwa, na kwa kuwa hazina nyama wala mafuta ya mnyama isipokuwa samli, zilizunguka kwa kila mtu.

Watu walirudi kutoka msikitini saa saba, tukakaa. Kila sinia watu watano. Jambo moja ambalo baba alilisisitiza maisha yake yote nami silivunji: mafundi wanaalikwa, na wanakaa sinia ya mbele. Fundi mwashi, fundi bomba, kijana aliyebeba matofali. Wao ndio waliotangulia kulala humo, kwenye vumbi, wakilinda saruji. Mjumbe na majirani wa pande zote nne nao huwa kwenye orodha yangu kabla ya ndugu wa mbali, kwa kuwa usiku wa kwanza ukiugua, ni wao utakaowaita.

Sadaka ya wasomaji alikabidhiwa mwalimu kwa bahasha, agawe mwenyewe. Ya padre ilikwenda kanisani, na nauli yake tukampa kando. Bei haitajwi kabla. Anayekuja na bei tunamshukuru na kumtafuta mwingine.

Sasa kuna binamu mwingine anayemalizia nyumba Muheza, mume Mwislamu, mke wa Magila, na ananiuliza aanze na nini. Nimemwambia aanze na kalenda zote mbili. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na Kwaresima nayo huhama, na Ijumaa ya Kwaresima ndugu zake wa Magila hawatagusa nyama hata ukiwachinjia ng'ombe. Akishapata Jumamosi iliyo huru pande zote, amwone mwalimu na padre wiki ileile, kila mmoja aambiwe mwenzake anakuja saa ngapi. Mbuzi anaweza kungoja.